Amelipa lakini hayupo kwenye orodha ya mzigo: namna ya kumpata kwa fomula

Leo ni somo la Google Sheets, ila naanza na aibu yangu mwenyewe ili mjue kwa nini nilijifunza hiki kitu.

Mimi nauza mashuka mtandaoni, nipo Dar, Mbagala. Kuna kipindi nilifungua oda ya pamoja. Watu wanalipa kwanza, nikishakusanya naenda Kariakoo kuchukua mzigo wa jumla, halafu nawatumia mikoani kwa basi. Malipo yaliingia 64, nikanunua seti 64. Siku nne nzima nilikuwa nafunga mizigo na kukimbizana na mabasi. Nilipomaliza nikaona seti tatu zimebaki pale kwenye rafu. Nikajisemea, leo tajiri wangu wa Kariakoo kakosea kuhesabu, nimepata ziada. Moja nikamuuzia jirani palepale.

Jioni nikaweka tangazo kwamba mizigo yote imeshaondoka. Haikupita nusu saa nikapata meseji kutoka Dodoma: "Mwanangu, wenzangu naona wanasema wamepata, mimi mbona kimya? Au ndo nimeshaliwa?"

Nikamjibu, "Shikamoo mama, hapana, naangalia sasa hivi nakujulisha." Ndugu zangu, mikono ilikuwa inatetemeka. Kwenye hii biashara neno "nimeliwa" likishaandikwa kwenye ukurasa wako, hata ukituma mzigo kesho yake watu hawasomi tena.

Nilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza, namba za waliolipa, nimezitoa kwenye meseji za malipo. Ya pili, namba za waliotumiwa, nilikuwa naziandika kwenye daftari pale ofisi za mabasi, usiku naziingiza kwenye Shiti. Waliolipa 64, waliotumiwa 61. Kutoa kunanipa tatu. Lakini tatu ni idadi, siyo majina. Na kupitia namba 64 kwa macho, moja moja, ukifika ya ishirini macho yanaanza kukudanganya.

Sasa twende kwenye kazi.

Hatua ya kwanza: panga orodha zako zifanane

Ndani ya faili moja nilitengeneza kurasa mbili. Moja nikaiita Waliolipa, nyingine Waliotumiwa. Jina liwe neno moja, kwa sababu ukiweka nafasi katikati itabidi kwenye fomula ulizungushie alama za nukuu, na hapo ndo wengi wanakwama bila kujua kwa nini.

Kurasa zote mbili nimezipanga hivi: safu A jina, safu B namba ya simu kama ilivyokuja, safu C kiasi au tarehe. Safu D na E nimeziacha wazi kwa ajili ya fomula. Mstari wa kwanza ni vichwa vya habari, wateja wanaanzia mstari wa pili. Kila mstari ni seti moja tu, na kila kisanduku kina namba moja tu. Mteja akikupa namba mbili, ya pili ipeleke kwenye safu nyingine.

Hatua ya pili: safisha namba kabla hujatafuta chochote

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliruka moja kwa moja kwenye fomula ya kutafuta, ikaniambia watu 58 hawapo. Nikataka kulia. Nimetuma mizigo 61, iweje 58 hawapo?

Kumbe shida siyo wateja, ni namna namba zilivyoandikwa. Angalia hizi (ni namba za mfano tu):

```
255700000012
+255 700 000 012
0700 000 012
700000012
```

Wewe na mimi tunaona mtu mmoja. Shiti inaona watu wanne, maana yenyewe inalinganisha herufi kwa herufi. Meseji za malipo zilinipa namba zinazoanza na 255. Kwenye daftari nilikuwa naandika kwa sifuri. Nilipoziingiza kwenye Shiti, ile sifuri ya mbele ikaliwa, kwa sababu Shiti ilidhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Wale sita waliopatikana ni wale ambao nilikopi namba zao WhatsApp nikazipesti kote kuwili.

Na kuna tatizo lingine ambalo huwezi hata kuliona kwa macho. Namba inaweza kukaa kwenye kisanduku kama hesabu au kama maandishi. Zote zinasomeka 700000012, lakini ukitafuta ya maandishi kwenye orodha ya hesabu, jibu linakuja kwamba haipo. Dalili yake ndogo ni hii: kama hujagusa mpangilio wa safu, hesabu inajisogeza kulia kwa kisanduku, maandishi yanakaa kushoto. Ukiona safu moja ina zilizo kulia na zilizo kushoto, jua umechanganya.

Dawa ya yote haya ni moja. Namba za simu za Tanzania, ukiondoa 255 au ile sifuri ya mbele, zinabaki tarakimu 9. Kwa hiyo tunaondoa kila kitu ambacho siyo tarakimu, kisha tunachukua 9 za mwisho. Kwenye ukurasa wa Waliolipa, kisanduku D2, andika:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(B2&"","[^0-9]",""),9)
```

Nieleze kidogo ili usiikariri kama kasuku. B2&"" inageuza namba kuwa maandishi, hata kama ilikaa kama hesabu. REGEXREPLACE inafuta chochote kisicho kati ya 0 na 9: alama ya kujumlisha, nafasi, vistari, hata vile vialama visivyoonekana ambavyo huwa vinakuja ukikopi namba kutoka sehemu nyingine. RIGHT na ile 9 vinachukua tarakimu tisa kutoka kulia. Zile namba nne za juu zote zinatoka 700000012. Sasa ni mtu mmoja kweli.

Kopi D2, chagua visanduku vya chini yake mpaka mstari wa mteja wa mwisho, pesti. Usizidishe ukaenda kwenye mistari mitupu, itakuletea majibu ya ajabu baadaye. Halafu nenda ukurasa wa Waliotumiwa, fanya vilevile kwenye D. Lazima pande zote mbili zisafishwe kwa fomula ileile. Ukisafisha upande mmoja tu ni sawa na hujafanya kitu.

Fomula ikikataa na umeiandika vizuri, jaribu kubadilisha alama za mkato ziwe nukta mkato (;), maana mipangilio ya nchi kwenye faili nyingine inataka hivyo. Na wanaotumia Excel ya zamani, REGEXREPLACE hamna. Tumieni hii, inaondoa nafasi za kawaida, zile nafasi za kujificha, na vistari:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),CHAR(160),""),"-",""),9)
```

Kabla ya kuendelea, kagua urefu. Kwenye kisanduku chochote cha pembeni weka =LEN(D2) na ushushe chini. Kila mstari unatakiwa kusema 9. Mimi mmoja ulisema 8. Nikarudi kwenye daftari, kumbe tarakimu ya mwisho sikuiingiza. Nikasahihisha. Lakini elewa kwamba LEN inakamata namba pungufu tu, haikamati namba iliyokosewa. Hilo tutaliona mbele.

Hatua ya tatu: tafuta nani hayupo

Kwenye Waliolipa, kisanduku E2, anza na fomula fupi:

```
=MATCH(D2,Waliotumiwa!D:D,0)
```

Maana yake: chukua namba iliyoko D2, kaitafute kwenye safu D ya ukurasa wa Waliotumiwa. Ikiipata inakupa namba ya mstari ilipo. Ikikuletea 18, nenda mstari wa 18 utamkuta. Isipoipata inaleta #N/A. Hiyo #N/A watu wanaiogopa wakidhani wameharibu, kumbe kwa kazi yetu ndo jibu lenyewe tunalolitafuta. Huyo mtu hayupo upande wa pili.

Ile 0 ya mwisho usiiache hata kidogo. Ukiiacha, Shiti inachukulia kwamba orodha yako imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, na inakupa namba iliyo karibu. Yaani mteja ambaye hujamtumia mzigo anaweza kuonekana yupo kwa sababu tu namba yake inakaribiana na ya mwingine. Hilo ni kosa baya kuliko #N/A, kwa sababu halikupigii kelele. Wanaotumia VLOOKUP nao ni hivyohivyo, mwishoni lazima waweke FALSE.

Ukishaona inafanya kazi, ivalishe nguo isomeke vizuri:

```
=IF(ISNA(MATCH(D2,Waliotumiwa!D:D,0)),"HAYUPO","Yupo")
```

Najua kuna watakaosema tumia IFERROR, ni fupi. Kwa kazi hii mimi siitaki. ISNA inasema HAYUPO pale tu namba ilipotafutwa ikakosekana. IFERROR inameza kosa lolote. Ukikosea jina la ukurasa, au ukifuta safu kwa bahati mbaya, itakuandikia HAYUPO kwa watu wote, na wewe utaanza kutuma mizigo kwa watu ambao walishapata.

Kabla hujaiamini, ipime. Mimi nilichukua mteja mmoja ambaye alishanitumia picha ya mzigo wake, nikaangalia mstari wake: Yupo. Halafu nikaandika namba ya uongo mstari wa chini kabisa: HAYUPO. Nikaifuta. Hapo nikajua fomula inasema kweli pande zote mbili.

Hatua ya nne: geuza upande

Watu wengi wanaishia hapo juu. Usiishie. Fomula ile inajibu swali moja tu, nani kalipa na hajatumiwa. Swali la pili ni nani katumiwa na hayupo kwenye waliolipa. Kwenye ukurasa wa Waliotumiwa, E2:

```
=IF(ISNA(MATCH(D2,Waliolipa!D:D,0)),"HAYUPO","Yupo")
```

Majibu yangu yalikuwa haya. Upande wa waliolipa: Yupo 59, HAYUPO 5. Upande wa waliotumiwa: Yupo 58, HAYUPO 3.

Hapo nikakaa chini. Kutoa kulisema wanaokosa ni watatu, fomula inasema watano. Na kuna watu watatu nimewatumia mashuka ambao eti hawajalipa. Nani muongo?

Hakuna muongo. Niliweka wale watano na wale watatu ubavuni, nikasoma majina na mikoa badala ya namba. Mmoja alikuwa mama wa Mwanza, jina lilelile liko pande zote mbili. Alilipa kwa namba ya mume wake, akanipa namba yake ya kupokelea mzigo. Wa pili hivyohivyo, alimwomba rafiki yake amlipie. Wa tatu ni kosa langu: kwenye daftari niliandika 67 mahali pa 76. Tarakimu ni tisa, LEN haikuona kitu, lakini namba ni ya mtu mwingine kabisa. Bahati nzuri mzigo ulifika kwa sababu jina liliandikwa vizuri kwenye boksi.

Kwa hiyo watatu kati ya wale watano walikuwa wameshapata mizigo yao. Wamebaki wawili ambao kweli sikuwatumia. Yule mama wa Dodoma, na kijana mmoja wa Kahama.

Hapa ndipo naomba ushike jambo. Fomula inalinganisha namba, hailinganishi watu. HAYUPO ni orodha ya watu wa kuwakagua, siyo orodha ya watu wa kuwatumia mzigo. Ningetuma kwa wote watano bila kukagua, ningepoteza seti tatu nyingine.

Hatua ya tano: mteja aliyejirudia

Bado hesabu haijafunga. Seti tatu zilibaki, mimi nimepata watu wawili. Wa tatu yuko wapi?

Rudi kwenye yale majibu. Yupo upande mmoja ni 59, upande wa pili ni 58. Kama kila mtu kalipa mara moja na katumiwa mara moja, hizo mbili zingelingana. Zikipishana, jua kuna mtu kajirudia upande mmoja. MATCH ikimkuta mtu mara ya kwanza inaridhika na kuacha, haihesabu katokea mara ngapi. Kwenye Waliolipa, kisanduku F2, weka:

```
=COUNTIF(D:D,D2)-COUNTIF(Waliotumiwa!D:D,D2)
```

Inahesabu namba hii imelipa mara ngapi, inatoa mara ngapi imetumiwa. Ikitoka 0, mmemalizana. Ikitoka 1, unadaiwa seti moja. Ikitoka hasi, umetuma zaidi ya alicholipia. Ila hii inahesabu mistari, haisomi kiasi, ndo maana nilisema mwanzoni kila mstari uwe seti moja.

Kwenye yangu, mistari miwili iliyoandikwa Yupo ilitoa 1, na yote ni namba moja. Usihesabu madeni mawili hapo, ni mteja mmoja kajitokeza mara mbili. Ni dada wa Morogoro. Alilipa Jumatatu seti yake, Alhamisi akalipa tena ya mdogo wake. Nilimtumia moja. Yeye alikuwa kimya kwa sababu alidhani ya pili iko njiani. Ningesubiri alalamike, pengine wiki ingepita.

Mama wa Dodoma, kijana wa Kahama, dada wa Morogoro. Tatu. Hesabu imefunga, na ile "ziada" niliyoifurahia kwenye rafu ilikuwa mali za watu.

Seti mbili nilikuwa nazo. Ya tatu nilishamuuzia jirani, na kumrudia nikamwambie anirudishie shuka niliona haya. Kesho yake asubuhi nikarudi Kariakoo nikanunua moja kwa bei ya rejareja, faida ya ile niliyouza ikaishia hapo. Jioni zote tatu zikapanda basi. Yule mama nilimpigia mwenyewe, nikamwambia ukweli kwamba nilimruka kwenye kuandika, nikamtumia picha ya risiti ya basi. Akaniambia, "Sawa mwanangu, ila siku nyingine uwe unaangalia." Mwezi uliofuata akaagiza tena.

Siku hizi sisubiri kulalamikiwa. Mteja akilipa namuuliza palepale, "Namba ya kupokelea mzigo ni hii hii uliyolipia?" Kama ni nyingine naiweka kwenye safu yake, na safu D naielekeza kwenye hiyo ya kupokelea. Na kabla sijaandika "mizigo yote imeondoka" naangalia kwanza safu F. Kama kuna mstari wowote ambao siyo 0, tangazo linasubiri.

Ukikwama andika hapo chini fomula yako na kilichotokea, nitakujibu nikifunga duka. Ila tafadhali usipige picha ya Shiti yenye namba za wateja ukaibandika hapa. Hizo namba wamekupa wewe, hawajatupa sisi.